Volti Zilizopotea Handeni

Betri ya mama mdogo ilikuwa imeshahukumiwa. Fundi aliyeitwa aliona feni ya dukani inazunguka kivivu na taa zimefifia, akatoa neno moja: betri imekwisha, nunueni nyingine. Bei ya betri ya sola si ya mchezo, kwa hiyo nilipofika Handeni wiki hiyo mama mdogo hakuniuliza hata habari za safari. Alinionyesha betri tu, akasema, "Mwanangu, itazame wewe kabla sijatoa hela."

Saketi yenyewe ni ndogo. Betri ya volti 12 inakaa chumbani. Kutoka hapo nyaya mbili za shaba, za milimita mraba 1.5, zinakwenda dukani, umbali wa mita 20. Dukani umeme unafika kwenye konekta moja na kugawanyika njia mbili, moja ya feni na nyingine ya taa, kisha njia hizo zinaungana tena na kurudi kwenye betri kwa waya wa pili.

Feni na taa zikiwa zinawaka, niliweka multimita kwenye ncha mbili za betri. Ikasoma volti 12.6. Hiyo si betri iliyokufa; iliyokufa ingeporomoka mara tu unapoipa kazi. Tukaenda dukani, tukapima kwenye konekta: volti 9.5. Kumbe volti 3.1 zilikuwa zinaishia njiani. Mita ya kubana waya, ile yenye taya, ilionyesha kwamba mkondo unaotoka kwenye betri ni ampea 2.6. Waya wa shaba wa unene ule, kwa mita 20, una ukinzani wa omu 0.23 hivi, kwa hiyo kila waya ulipaswa kula volti 0.6. Mbili zinakula 1.2. Nikajumlisha: 9.5 na 1.2 ni 10.7. Betri inatoa 12.6. Zilibaki volti 1.9 zisizo na mwenyewe.

Kitinda mimba wa mama mdogo yuko kidato cha nne na alikuwa amenishikia daftari. Alisema mara moja, "Kaka, kwa kanuni ya Kirchhoff lazima ziwe mahali fulani kwenye mzunguko." Tukaanza kuzisaka. Kwenye waya wa kwenda, tukiwa tumerefusha mkia wa multimita kwa waya wa ziada, tulikuta 0.6. Kwenye waya wa kurudi, 0.6. Mwisho niligusa risasi ya ncha chanya ya betri kwa mkia mmoja, na kibanio cha waya kilichoishika ncha hiyo kwa mkia wa pili. Kwa macho ni kitu kimoja, chuma kimekaa juu ya chuma. Multimita ikasoma 1.9. Chini ya kibanio kulikuwa na ule unga mweupe wenye ukijani ambao kila mwenye betri ya asidi anaujua, na kibanio kilikuwa cha moto mkononi. Hesabu inakubali: volti 1.9 mara ampea 2.6 ni karibu wati 5, zote zinageuka joto kwenye sehemu isiyozidi upana wa kidole gumba.

Kufikia hapo mambo yalikuwa yamekwisha, lakini mdogo wangu hakuridhika, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. "Hizi kanuni mbili nimezikariri," alisema. "Mkondo unaoingia kwenye makutano ni sawa na unaotoka. Volti ukizijumlisha kuzunguka kitanzi kizima unapata sifuri. Lakini umeme unajuaje? Pale kwenye konekta, nani anaziambia elektroni ngapi ziende kwenye feni na ngapi ziende kwenye taa? Na hizi volti 1.9, nani aliyezipeleka kwenye kutu na si kwingine?"

Kitabu chake kilikuwa na jibu la mstari mmoja kwa kila kanuni. Ya makutano ni kweli kwa sababu chaji haipotei. Ya kitanzi ni kweli kwa sababu nishati haipotei. Majibu yote mawili ni sahihi, na yote mawili hayatoshi. Naona ni vibaya kumwachia mwanafunzi hapo, maana kinachokosekana ndicho kinachofanya kazi yenyewe.

Tuanze na konekta. Multimita ilionyesha ampea 2.6 zikiingia, 1.7 zikienda kwenye feni na 0.9 kwenye taa. Ni kweli kwamba chaji haipotei. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo vizuri mwaka 1843 kwa ndoo ya chuma na tufe lenye chaji, na hadi leo hakuna aliyeona chaji moja ikizaliwa au kufa peke yake. Lakini fikiria basi la abiria. Abiria hawapotei, na bado wanaoingia kituoni si lazima walingane na wanaoshuka, kwa kuwa basi linaweza kujaa. Kutopotea kwa chaji kunasema hivi tu: kinachoingia, ukitoa kinachotoka, ni sawa na kinachobaki ndani. Ili kanuni ya makutano isimame, kinachobaki ndani kinapaswa kuwa kama hakuna. Ni kitu gani kinaizuia konekta kujaa kama basi?

Kinachoizuia ni kwamba chaji za aina moja zinachukiana kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ukiweza kuweka kolomu moja ya chaji hapa na nyingine mita moja kutoka hapo, zitasukumana kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani zaidi ya laki 9. Na kolomu moja si kiasi kikubwa: mkondo wa ampea 1 hupitisha kolomu moja kila sekunde. Kwa hiyo mkondo unaowasha feni ya dukani unapitisha kiasi cha chaji ambacho, kikikusanywa mahali pamoja, kisingekaa.

Tuweke tarakimu kidogo. Tuseme konekta ni tufe la chuma lenye nusu kipenyo cha sentimita 1. Ukiongeza juu yake elektroni milioni 7 hivi, volteji yake inabadilika kwa volti 1. Milioni 7 zinasikika kama nyingi, lakini ampea 1 hupitisha elektroni zaidi ya bilioni bilioni 6 kila sekunde. Sasa chukua kwamba kwa bahati mbaya mkondo unaoingia umezidi unaotoka kwa ampea 1. Elektroni milioni 7 za ziada zitakuwa zimeshajikusanya ndani ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kosa hilo likiendelea kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, volteji ya konekta ingekuwa imesogea kwa volti 900, wakati betri nzima ina 12.6. Haiwezekani. Zamani kabla ya kufika huko, elektroni za ziada zingekuwa zimeshaanza kuwasukuma nyuma wenzao wanaoingia na kuwasukuma mbele wanaotoka. Kinachoingia kinapungua, kinachotoka kinaongezeka, na msukumo huo haukomi mpaka vilingane.

Hivyo konekta haijui kitu na hakuna anayeiambia kitu. Inajisahihisha. Kila mara mizani inapolegea, elektroni chache zinarundikana, na mrundikano huo huo ndio unaorudisha mizani. Mrundikano wenyewe hauishi. Ule mdogo uliobaki baada ya mizani kukaa sawa unaendelea kukaa juu ya uso wa chuma, na ndio unaoamua kwamba feni ipate 1.7 na taa 0.9. Feni ingekuwa na ukinzani mkubwa zaidi, elektroni zingerundikana kidogo zaidi mlangoni pake, na wengine wangesukumwa kwenda upande wa taa.

Mdogo wangu aliniuliza kama habari hiyo inabebwa na elektroni zenyewe, kwamba labda ya mbele inarudi kuwaambia wa nyuma. Hapana. Elektroni ndani ya waya ule zinasogea kwa mwendo wa karibu milimita 0.13 kwa sekunde. Inayotoka kwenye betri leo mchana haifiki dukani mpaka kesho kutwa asubuhi. Kinachosafiri haraka ni msukumo, yaani uga wa umeme, ile hali ya nafasi inayozunguka chaji na kuzisukuma chaji nyingine. Uga huo husafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Unapobonyeza swichi chumbani, habari inafika dukani ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Inapiga, inarudi, inapiga tena, na kila inapopita inaacha chaji kidogo juu ya uso wa waya. Mapito machache kama hayo yakishaisha, mkondo umetulia na ni ule ule kila mahali kwenye waya, wakati elektroni ya kwanza haijasogea hata unene wa unywele.

Chaji hizo za juu ya uso wa waya ndizo ninazotaka msomaji asizisahau, kwa sababu ndizo zinazotuvusha kwenda kwenye kanuni ya pili.

Volti ni nini hasa? Ni kazi inayofanywa na uga kwa kila kolomu inayosogea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kanuni ya kitanzi inasema kwamba ukizunguka saketi na kurudi ulipoanzia, kupanda kote na kushuka kote kunafutana. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na kushuka kwa njia ya Mweka wanalijua hilo kwa miguu yao. Aliyelala Moshi, akapanda hadi Uhuru, mita 5,895, akashuka upande mwingine na kurudi kitanda kile kile, amepanda mita nyingi sana, na ameshuka mita zile zile. Njia hazifanani, lakini kimo ni mali ya mahali na si mali ya njia.

Mfano huu hutolewa darasani kila siku, na kila siku huishia kabla ya swali lenyewe. Kwa nini umeme uwe na kimo? Nani kasema kila nukta ya waya ina volteji yake, isiyotegemea umefika kwa njia gani?

Jibu liko kwenye tabia ya chaji moja iliyotulia. Inasukuma chaji nyingine kwa mstari ulionyooka kutoka kwake, na ukubwa wa msukumo unategemea umbali tu. Haisukumi kwa ubavu. Sasa tembeza chaji nyingine kuizunguka. Ukienda kwa duara, umbali haubadiliki na hakuna kazi inayofanyika, maana msukumo na mwendo wako vinapishana kama ukuta na sakafu. Ukisogea karibu unatumia nguvu, ukisogea mbali unarudishiwa, na kiasi unachorudishiwa kati ya umbali huu na ule ni kile kile popote ulipo kuzunguka chaji hiyo. Safari yoyote, hata iwe na kona kama za Lushoto, unaweza kuikata vipande vidogo vya duara na vipande vidogo vya kukaribia au kuachana. Vya duara havigharimu. Vya kukaribia na kuachana vinafutana ukirudi ulipoanzia, kwa sababu umbali wako wa mwisho ni umbali wako wa mwanzo. Hiyo ni kwa chaji moja. Chaji mabilioni zilizotulia juu ya waya wa mama mdogo ni jumla ya moja moja, na jumla ya sifuri nyingi ni sifuri.

Hapo kanuni ya kitanzi imeshatoka, na haikuhitaji kitu chochote zaidi ya chaji zilizotulia. Betri haiivunji. Ndani yake kemia inazibeba chaji kinyume na uga, kama gari linalompandisha mtu mlimani, na kadiri inavyozibeba ndivyo zinavyorundikana kwenye ncha zake mpaka tofauti ya kimo inafika volti 12.6. Nje ya betri, zinateremka kilima hicho hicho.

Lakini kujua kwamba jumla ni 12.6 hakujibu swali la pili la mdogo wangu: nani kazipeleka 1.9 kwenye kutu? Rudi kwenye chaji za uso. Kabla kutu haijaingia, kibanio na ncha ya betri viligusana vizuri na mkondo ulikuwa kama ampea 3. Kutu ikaja, ikawa ngumu kupita. Elektroni zikafika hapo na kukuta njia imebana. Zikarundikana upande mmoja wa kutu, na upande wa pili pakabaki upungufu wa elektroni, yaani chaji chanya. Kati ya mirundikano hiyo miwili uga ukawa mkali. Ukazidi kuwa mkali mpaka ukaweza kuzisukuma elektroni ndani ya kutu kwa kasi ile ile zinayofika. Uga mkali katika unene mdogo ndiyo volti 1.9 tuliyoisoma. Wakati huo huo, mirundikano hiyo ilipunguza msukumo kwenye sehemu nyingine yote ya saketi, mkondo ukashuka hadi 2.6, na duka likabakiwa na 9.5. Hivyo kanuni ya makutano na kanuni ya kitanzi si kanuni mbili zisizojuana. Chaji zile zile zinazolinda mizani ya mkondo ndizo zinazogawa volti.

Gustav Kirchhoff alipotoa kanuni hizi mwaka 1845 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 mjini Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad. Elektroni haikujulikana, ingegunduliwa mwaka 1897. Alikuwa na kazi ya Georg Ohm ya mwaka 1827, na Ohm alifikiri umeme kwenye waya unasambaa kama joto linavyosambaa kwenye chuma, ukijaza waya mzima ndani. Hesabu za Ohm zilikubali, lakini picha yake iligongana na jambo lililojulikana tayari, kwamba chaji iliyotulia haikai ndani ya chuma bali hukimbilia usoni. Mwaka 1849 Kirchhoff alirudi kwenye tatizo hilo, akaonyesha kwamba kile Ohm alichokiita kani ya umeme ndani ya waya ni kitu kile kile ambacho wataalamu wa chaji zilizotulia walikuwa wanakipima: kimo cha umeme. Kwangu mimi kazi hiyo ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza, ingawa vitabu vya shule haviitaji. Mwaka 1845 alisema kanuni zinafanya nini. Mwaka 1849 ndipo waya wenye mkondo na tufe lenye chaji iliyotulia vilipokuwa somo moja.

Tulikuwa tumeshafungua kibanio na mdogo wangu anakisugua kwa brashi ya waya na maji ya magadi, aliponiuliza kama kanuni hizi zinakubali siku zote. Hazikubali siku zote, na sababu za kutokubali zinatoka moja kwa moja kwenye sababu za kukubali.

Kanuni ya makutano inadai kwamba mrundikano ni mdogo na unatulia haraka. Chukua antena ya redio. Mkondo unaingia kwa chini, na juu hakuna pa kutokea. Kwa ampea zinazopimwa, chaji inajaa kwenye ncha na kuondoka tena mara milioni nyingi kwa sekunde, na antena inafanya kazi kwa sababu hiyo hasa. Unachotakiwa kulinganisha ni ukubwa wa saketi na urefu wa wimbi. Umeme wa gridi yetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa kilomita 6,000; nyumba nzima ni nukta tu ukilinganisha, kila kona inapata habari papo hapo, na kanuni inasimama. Redio ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Hapo waya wa mita moja tayari ni mrefu, na mkondo wa mwanzo wake hauna sababu ya kulingana na wa mwisho wake.

Mara nyingi zaidi, lakini, kanuni inaonekana imevunjika wakati hesabu ya njia ndiyo iliyokosewa. Kile kifaa kwenye ubao wa umeme wa nyumbani chenye kitufe cha majaribio kinategemea jambo hilo. Kinalinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikipishana kwa miliampea 30, hakisemi kwamba Kirchhoff amekosea. Kinachukua kwamba kuna njia ya tatu, labda mwili wa mtu anayegusa friji kwa miguu mitupu, na kinakata umeme.

Kanuni ya kitanzi ina udhaifu mwingine. Ilitegemea kwamba uga wote unatoka kwenye chaji. Mwaka 1831 Faraday alikuwa ameshaonyesha kwamba sumaku inayobadilika nayo inazaa uga wa umeme, na uga huo hauna tabia ya kusukuma kwa mstari kutoka kwenye chaji fulani. Unajifunga wenyewe, unazunguka kama maji ya kimbunga. Ukiufuata mzunguko mmoja na kurudi ulipoanzia, umepata kitu, na ukizunguka tena utapata tena. Mlima wenye tabia hiyo haupo duniani: unapanda tu, na unajikuta ulipoanzia.

Kuna jaribio moja la maabara linaloonyesha jambo hili bila kuacha shaka. Chukua vizuizi viwili vya umeme, kimoja cha omu 100 na kingine cha omu 900, uviunganishe viwe pete, bila betri yoyote. Katikati ya pete pitisha koili ndefu, na ibadilishe sumaku yake kwa mwendo ambao unazaa volti 1 kuzunguka pete. Mkondo utakuwa miliampea 1. Sasa weka voltimita mbili kwenye nukta zile zile mbili ambazo vizuizi vinaungana, moja ikikaa upande wa kizuizi kidogo na nyingine upande wa kikubwa. Moja inasoma volti 0.1. Nyingine, ikiwa imegusa nukta zile zile, inasoma 0.9, tena kwa ishara iliyogeuka. Hakuna mita iliyoharibika. Swali "kuna volti ngapi kati ya nukta hizi mbili" limepoteza jibu moja, kwa sababu kimo hakipo tena. Njia ya nyaya za mita nayo inahesabika. Nishati katika jaribio hili haikupotea hata kidogo, na ndiyo sababu nilisema kwamba kutopotea kwa nishati peke yake si jibu la kanuni ya kitanzi. Kinachohitajika ni chaji zilizotulia bila sumaku inayobadilika ndani ya kitanzi.

Fundi anaweza kulitambua hili bila vitabu. Ukipima karibu na transfoma au inveta, usogeze nyaya za multimita bila kuondoa ncha zake pale zilipogusa. Namba ikibadilika, unapima pia sumaku inayopita kati ya nyaya zako na saketi. Zisokote nyaya hizo mbili pamoja ili nafasi kati yake iwe ndogo, kisha soma tena. Kwenye betri ya mama mdogo nilizisogeza kushoto na kulia na 1.9 haikutikisika.

Kibanio kikawa safi, tukakirudisha na kukaza nati. Dukani feni ilianza kuvuma kama zamani, na mama mdogo alikuwa ameshaanza kupanga hela ile aifanyie nini. Tulipima tena kila hatua na mdogo wangu akaandika daftarini: betri 12.6, konekta 11.2, waya wa kwenda 0.69, waya wa kurudi 0.69, mkondo ampea 3. Kati ya ncha ya betri na kibanio multimita ilisoma 0.02. Aliitazama namba hiyo ya mwisho kwa muda, akauliza kama tusugue zaidi mpaka ifike sifuri. Nikamwambia aiache. Hata shaba safi iliyokaza juu ya risasi safi inahitaji chaji chache zirundikane mlangoni ili ampea 3 zipite, na hizo 0.02 ndizo alama yao.